Mikono Miwili, Wino Mmoja

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu yeyote, Mama Orpha hutoa fremu yake nje ya duka, huiinua mbele ya uso kwa mikono miwili na kuitazama mbingu kupitia nailoni iliyowambwa juu yake. Anatafuta mahali ambapo dawa ya kuzuia wino imebanduka. Tundu dogo kuliko kichwa cha pini linatosha kuacha nukta ya wino kwenye kila kitambaa atakachochapa siku hiyo. Akiliona, hulidondoshea rangi ya kucha, nyekundu, ambayo sijawahi kuiona kwenye kucha zake. Kisha husema "Bon," na hapo ndipo hugeuka kunitazama.

"Mutoto, ulilala muzuri?"

"Nimelala vizuri, Mama Orpha."

"Mimi, hapana."

Mazungumzo yetu ya asubuhi huishia hapo. Mama yangu anauza salaula, nguo za mitumba, katika nusu ya mbele ya duka letu sokoni Kashikishi, na Mama Orpha amekodi nusu ya nyuma. Mimi nilimaliza chuo Kitwe nikarudi nyumbani kungoja kazi. Hukaa kwenye kiti cha plastiki kati ya nusu hizo mbili, nikisoma, nikiwa na kazi ya kumwambia mama mteja akishika nguo. Kwa hiyo yote ninayoyaeleza hapa niliyaona kutoka kwenye kiti hicho.

Jina lake kamili ni Orpha Kapinga. Uchapaji alijifunzia Lubumbashi, katika karakana ya mjomba wake, wakati wa kampeni, walipokuwa wakichapa uso wa mgombea mmoja mchana na wa mpinzani wake jioni. Baadaye aliolewa Pweto, na vita vilipofika Pweto akavuka mpaka kuja huku pamoja na mumewe, Antoine. Antoine analima mihogo na karanga katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Mama Orpha huomba karatasi ya ruhusa, hushinda wiki nzima huku mjini, na Jumamosi hurudi kwake akiwa amekaa juu ya magunia ya mtu mwingine. Ni mwanamke mrefu, mwenye mabega yaliyoinamia mbele kwa sababu ya meza ya kuchapia, na mikono yake ina mistari ya rangi kwenye mikunjo ya vidole ambayo sabuni imeshindwa kuitoa.

Mwishoni mwa Februari, siku chache kabla ya ziwa kufunguliwa, Mama Chishimba na Mama Pierrette waliingia dukani pamoja.

Asiyekaa huku huenda asijue uchovu wa Februari. Kuanzia Desemba ni marufuku kuvua ziwani Mweru, ili samaki wazae. Soko zima hunuka kapenta, yaani dagaa, wa zamani, watu hukopana unga, mvua hunyesha kila mchana, na umeme hukatika ukitaka kuutumia. Kwa hiyo siku ya kufunguliwa ziwa ni kama sikukuu. Mwaka huo ilikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu kikundi cha wanawake kiitwacho Twikatane, yaani tushikane, kilikuwa kimejengewa chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, na kingefunguliwa Jumamosi ile ile ya kufunguliwa ziwa.

Nusu ya wanakikundi walikuwa wake wa wavuvi na wachuuzi wa hapa Nchelenge, wilaya yetu, na kiongozi wao alikuwa Thelma Chishimba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtumbwi. Nusu nyingine walikuwa wanawake wa Mantapala wanaokausha na kuuza samaki, na msemaji wao alikuwa Pierrette, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Chumba cha baridi kilijengwa kwa sharti kwamba wawe pamoja. Na pamoja, kwetu, huonekana kwenye kitenge. Kikundi kikija kwenye sherehe na kitambaa kimoja, watu huelewa. Kikija na vitambaa viwili, watu huelewa vilevile, na Jumatatu kila mtu sokoni anakuwa na habari yake.

"Ba Orpha," alisema Mama Chishimba kwa heshima, akiweka juu ya meza robota la kitambaa cha buluu iliyokoza, karibu nyeusi, na kopo la wino mweupe. "Tuko na kazi. Logo iko mule ndani ya flashi, ilichorwa Lusaka. Yote iko tayari. Ni kuchapa tu."

"Kuchapa tu," alisema Mama Orpha, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho 'ndio' yake ni 'njo'. "Njo bote banasema vile."

Alifungua kompyuta yake ndogo, ambayo kifuniko chake kimeshikiliwa na mpira wa baiskeli. Nembo ilitokea. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Mikono miwili, mmoja kutoka kushoto na mwingine kutoka kulia, ilikuwa imembeba samaki mmoja juu ya mawimbi. Mkono wa kushoto ulikuwa wa kijani, rangi ya wanawake wa Nchelenge. Wa kulia ulikuwa wa rangi ya chungwa, kwa udongo wa Mantapala. Jua lilianza njano likafifia polepole hadi weupe, samaki alikuwa na vivuli vya fedha tumboni, na mawimbi yalikuwa ya buluu za aina tatu.

"Kwa karatasi ni muzuri," alisema Mama Orpha. "Kwa kitambaa, mumenunua wino moja."

"Moja inatosha. Tunataka nyeupe, ionekane."

"Kila rangi inaomba fremu yake, na kila fremu ikae pale pale ingine ilikaa. Kwa meza hii, na kitambaa inavutika? Hapana. Moja njo sawa. Lakini hii itabidi niichore upya."

"Si unabadilisha rangi tu?" aliuliza Pierrette.

Mama Orpha alisogeza kompyuta ili waione. Alichagua mchoro wote na kuugeuza kuwa wa kijivu, kama picha za zamani. Wote wawili wakasogea. Kijani ile na chungwa ile, zilipopoteza rangi, zilikuwa kijivu kile kile kimoja. Huwezi kujua mkono mmoja uliishia wapi na mwingine ulianzia wapi.

"Na wino haijue kijivu," alisema. "Wino iko ao haiko."

Akageuza kila kitu kuwa cheusi. Sasa hapakuwa na mikono, wala samaki, wala jua. Kulikuwa na donge moja lenye mapezi.

"Ala!" alisema Mama Chishimba. "Hiyo imeungulia kwenye tanuri."

Walicheka, wakaondoka, na Mama Orpha akabaki na donge.

Nilimtazama akifanya kazi ile kwa muda wote betri ilipodumu. Mchoro ule ulikuwa wa vekta, yaani kompyuta iliukumbuka kama mistari na maumbo na si kama nukta za picha, kwa hiyo aliweza kuushika kipande kwa kipande. Alianza kwa kutoa. Alitoa vivuli vyote, akatoa kufifia kwa jua na kuliacha duara tupu lenye miale mipana. Buluu tatu za mawimbi zikawa mistari miwili minene. Maandishi madogo ya tarehe na wilaya aliyafuta kabisa, akaacha jina la kikundi peke yake, na herufi zake akazinenepesha.

Kisha alianza kutenganisha. Mahali ambapo vitu viwili viligusana, alikata mfereji kati yao, ili kitambaa chenyewe kionekane hapo na kiwe mpaka. Alibadili kila mstari kuwa umbo, ili akipunguza nembo isije mistari ikabaki minene huku vingine vyote vikiwa vimepungua. Akakuza mchoro hadi kipimo kile kile utakachokuwa nacho kwenye kitenge, na kuweka njiti ya kiberiti juu ya kioo. Mfereji mwembamba kuliko njiti aliupanua.

"Wino inatembea," aliniambia bila kugeuka, aliponiona nimeacha kitabu. "Unaacha mulango kidogo, inakuja kuufunga."

Tatizo lililobaki lilikuwa mikono. Rangi zimekwenda. Wanawake walitaka mtu akitazama ajue mkono huu ni wa huku na ule ni wa kule. Mama Orpha alikaa akitazama kioo, kidevu mkononi. Mwishowe alifanya kile ambacho, naamini, wachoraji wengi wangefanya. Mkono mmoja aliujaza, mwingine akauacha mstari wa nje tu, mtupu ndani. Akachapa nakala kwenye karatasi kwa mwenye fotokopi, nyeusi juu ya nyeupe, na kuwaita akina mama wachague.

Kumbukumbu yangu ya mchana ule ni mvua juu ya mabati, kiasi kwamba kila mtu alipiga kelele.

"Huu ndio wetu," alisema Mama Chishimba mara moja, akiweka kidole juu ya mkono mtupu. "Msafi. Kama mkono uliooshwa."

"Na sisi tunabaki na ule wa masizi," alisema Pierrette.

"Nyinyi ndio mnakausha samaki."

"Na nyinyi munakula."

"Wamama," alisema Mama Orpha, "kwenye kitambaa wino ni nyeupe. Penye nyeusi hapa, kule ni nyeupe. Munasikia?"

"Tunasikia, tunasikia."

Hawakusikia. Mvua ilikuwa nyingi, na Pierrette alikuwa ameshika karatasi akisema kwamba angalau mkono wao ndio umeshika kichwa cha samaki. Mama Chishimba akaigeuza karatasi juu chini kuona kama ni kweli. Ulikuwa mkia. Walicheka tena wakaafikiana, na Mama Orpha hakurudia aliyosema. Alikwenda kuanika matambara kwenye kamba ya ndani.

Kutengeneza fremu kwa jua la Februari ni kazi ya subira. Karatasi ya nembo aliipaka mafuta ya kupikia ipitishe mwanga, isipokuwa penye weusi. Fremu aliipaka dawa ya kijani akaikausha gizani, chini ya blanketi, ndani ya sanduku la salaula la mama yangu. Jua lilipochungulia, alitoka mbio na fremu, karatasi na kioo cha dirisha, akaviweka chini kwa mpangilio, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Wimbo huo ndio saa yake. Kukiwa na jua kali huimba beti zote mara moja. Siku hiyo wingu lilikuja katikati ya ubeti wa pili, akalazimika kurudia tangu mwanzo, polepole zaidi, akitazama juu kwa hasira kana kwamba anaimba kwa mtu asiyesikiliza. Dawa iliyopigwa na mwanga hushika. Ile iliyofichwa na weusi hubaki laini, na maji huiondoa. Alipoimwagia fremu maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, nembo ilifunguka taratibu kwenye nailoni: jua, samaki, mikono.

Alichapa kitambaa cha kwanza Jumatano mchana. Aliweka fremu, akamimina wino mweupe ukingoni, akauvuta kwa raba kwa uzito wa mwili wake wote, akainua.

Mama Chishimba alikuwa amesimama mlangoni, na Pierrette nyuma yake.

Samaki alikuwa mzuri, mweupe, jicho lake la buluu. Jua lilikuwa jua. Mkono wa kulia, ule wa Mantapala uliokuwa mweusi kwenye karatasi, sasa ulikuwa mweupe kabisa na uling'aa. Na mkono wa kushoto, ule msafi, ulikuwa mstari tu. Ndani yake mlikuwa na buluu ile ile iliyokoza ya kitambaa, na mawimbi yalipita juu ya kifundo chake. Ulionekana kama mkono ulio chini ya maji.

Pierrette ndiye aliyeanza. "Eh, Mama Chishimba! Sasa nani aliosha mukono?"

Hakuna aliyecheka. Mama Chishimba alikuwa akitazama kitambaa, na sauti yake iliyozoea kuita mtumbwi ilitoka ndogo.

"Huyu mtu amezama," alisema.

Hapo mama yangu aliacha kukunja nguo. Mdogo wake Mama Chishimba, Chiti, alipotea njiani kurudi kutoka kisiwa cha Chisenga, upepo ulipogeuka. Walimpata, lakini baada ya siku kupita, na aliyemwona kwanza aliona mkono. Kila mtu wa Kashikishi anajua hilo. Pierrette hakujua, au alikuwa amesahau. Nadhani aliona kwenye nyuso zetu, maana alishusha macho.

"Sitavaa hiyo," alisema Mama Chishimba. "Hakuna mwanamke wa huku atavaa hiyo, siku ziwa linafunguliwa. Awe, hapana."

"Tubadilishane," mama yangu alijaribu. "Huu uwe mtupu, ule ujazwe."

"Non," alisema Pierrette, kwa upole lakini upesi. "Pole kwa ndugu yako, Mama. Pole sana. Lakini na sisi hatutavaa. Sisi tulipita kwa hii maji na watoto. Wengine hawakufika."

"Basi chapeni yenu, na sisi tuchape yetu."

"Sawa. Tutachapa yetu."

Walisema hivyo, na wote wawili wakamgeukia Mama Orpha, kwa sababu ndiye angezichapa zote. Nilimwona akiwatazama, mmoja kisha mwingine. Mama Chishimba ndiye aliyemwombea nafasi ya duka kwa mama yangu, alipokuja hana kitu. Pierrette ni jirani yake Mantapala, na Antoine akiugua ndiye anayempikia. Kama Jumamosi wangekuja na vitenge viwili, kila upande ungesema milele kwamba Orpha Kapinga ndiye aliyeuzamisha mkono wa upande mmoja.

"Kosa ni yangu," alisema. "Nilipashwa kuwaonesha juu ya buluu, si juu ya karatasi nyeupe. Munipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ni kesho kutwa," alisema Mama Chishimba.

"Ninajua siku."

Waliondoka kila mmoja kwa njia yake. Mama Orpha akakaa chini, kwenye sakafu, mgongo ukutani. Mama yangu alimpelekea chai. Alipomaliza aliinuka akaanza kuisugua fremu kwa jiki ili kuitoa nembo ya kwanza, na dawa ilitoka kwa shida, kipande hapa kipande pale, mpaka ncha za vidole vyake zikawa nyeupe na zenye mikunjo.

Alhamisi alichora tena. Safari hii alianza kwa kuipaka karatasi ya kwenye kioo cha kompyuta buluu iliyokoza, na kuchora kwa nyeupe, aone kile ambacho wino utakifanya. Mikono yote miwili aliijaza. Ila kifundo cha mmoja alitaka kukitia alama, mistari ya mkeka. Alijaribu kwa wino kwenye kitambaa chakavu, akikata mistari ile kwenye plastiki kwa wembe. Wino ukatembea ukaifunga yote, ikawa bandeji. Akajaribu bangili. Bangili ilionekana, lakini alikaa akiitazama, kisha akasema peke yake, "Na kesho watauliza kwa nini hawa bako na bangili na hawa habana." Akaifuta.

Kisha tatizo jingine likajitokeza. Mikono ya mchoraji wa Lusaka ilikuwa imechorwa kwa vivuli. Vidole vilitofautishwa na kivuli tu. Vivuli vilipoondoka na umbo likajazwa, kila mkono ulionekana kama mpini wa jembe. Katika mchoro wa kwanza mkono uliojazwa ulikuwa na kasoro hiyo hiyo, ila ubishi uliifunika. Ilibidi ichorwe mikono mipya, vidole vikiwa vimeachana, kila kidole na mfereji wake, na kiganja kimeinama kweli chini ya uzito wa samaki.

Umeme ulikatika. Betri ya kompyuta ilikuwa na kijistari kimoja. Niliona amechukua simu, amekaa na kufanya jambo fulani mezani, mgongo wake kwangu, na baada ya hapo akachora kwa haraka sana, pua karibu na kioo. Kabla kioo hakijazimika alikuwa ameshahifadhi faili. Nikatumwa mimi mbio na flashi kwa mwenye fotokopi, aliye na jenereta.

Niliitazama karatasi njiani kurudi, nikiikinga na mvua kwa mwili wangu. Mikono ilikuwa hai. Ungeweza kuona uzee wa vifundo vya vidole, na kidole gumba kilichokaza. Mifereji ilikuwa mipana, miepesi kusomwa. Hakuna kitu cha kukuonyesha mkono upi ni wa nani. Na mawimbi alikuwa ameyateremsha yakae mbali chini ya vifundo, mikono yote ikiwa juu ya maji.

Ijumaa kulikuwa na jua kwa sehemu kubwa ya wimbo. Fremu ilishika. Mama Orpha aliiinua mbele ya mbingu, akaziba matundu mawili kwa rangi ya kucha, akasema "Bon" kwa sauti isiyo na nguvu, akachapa kimoja, akakitandaza juu ya meza ya mama yangu, juu ya suruali za watu.

Pierrette alifika kwanza na kusimama upande mmoja. Mama Chishimba akaja na kusimama upande wa pili. Mimi nilijifanya kusoma.

Mama Chishimba alisogeza mkono wake mwenyewe juu ya kitambaa, bila kugusa wino mbichi, kana kwamba anapima.

"Haijazama," alisema.

"Hapana," alisema Mama Orpha.

"Rangi zetu zimeenda wapi?"

"Rangi ni moja, Mama. Nyeupe. Mulinunua kopo moja."

Mwenye redio duka la jirani alibadili kituo. Kisha Mama Chishimba aliinama karibu zaidi.

"Huu wa kushoto ni wetu," alitangaza. "Naujua. Tazama kidole gumba. Huo ni mkono wa mwanamke aliyevuta nyavu. Wa Mantapala hawana gumba kama hilo."

"Aa, Mama!" alisema Pierrette. "Gumba gani? Tazama huu wetu wa kulia. Tazama vifundo. Huu njo mukono ya mutu aliyelima udongo ya mawe. Yenu ni ya kuhesabia samaki."

"Lakini mmeshika mkia."

"Mukia njo iko na nguvu. Ukishika kichwa, anakuuma."

Mama Chishimba alicheka, kicheko chake kamili, na mama yangu akacheka kwa kuwa amefarijika. Pierrette akashika pindo la kitambaa, akalipima kiunoni mwake ili aone nembo itakaa wapi. Mama Chishimba akamwambia amekikunja vibaya, akamkunjia. Hakuna aliyesema lolote kuhusu vitenge viwili.

Walipoondoka, wakiwa bado wanagombania gumba, Mama Orpha hakuonyesha furaha. Robota zima lilikuwa bado halijachapwa. Alichapa mchana kutwa. Mvua ilipokuja tuliingiza kamba ndani na kuanika vitenge juu ya vichwa vyetu, nikawa napita chini ya mikono na samaki nikibeba pasi ya mkaa, kwa sababu wino usipopigwa pasi hutoka siku ya kwanza ya kufua. Mimi ndiye niliyepiga pasi. Yeye alivuta raba. Kila baada ya vitambaa kadhaa alisimama, akaweka viganja vyote viwili nyuma ya kiuno, akafumba macho.

Kuna swali nililokuwa nalo tangu Alhamisi, tangu nilipoitazama ile karatasi kwenye mvua. Mimi si mtu wa kuuliza. Chuoni niliweza kukaa muhula mzima na swali moja hadi likaisha lenyewe. Lakini kitambaa cha mwisho kilipokuwa chini ya pasi yangu, nilitazama mkono wa kushoto, nikatazama wa kulia, kisha nikamtazama yeye akinawa kwenye beseni, na nikajikuta nimesema.

"Mama Orpha, hii mikono ni ya nani?"

Alitoa mikono majini na kuitikisa.

"Ni yangu," alisema. "Nilipiga foto ya mukono yangu ya kushoto, nikaichora juu yake. Ya kulia sikuichora. Betri ilikuwa inakufa na nilikuwa nimechoka, basi nilikopi ile moja, nikaigeuza."